Barua pepe ya mwisho kwa mteja asiyelipa fakture: namna ya kuiandika, kwa mfano wa Lubumbashi

Nina atelie ya kushona nguo za kazi katika komini ya Kenya, hapa Lubumbashi. (Kenya ya kwetu, si ile nchi.) Mwaka 2025 kampuni moja iliniagiza kombinezoni 120, ikazipokea, ikawavalisha wafanyakazi wake, halafu ikanyamaza. Kila nikienda kwenye biro yao sekretere ananipokea vizuri, ananipa kiti, kisha jibu ni lile lile: “Mama, direktere haiko. Mukuye kesho.” Kesho hiyo ilidumu miezi miwili.

Mwishowe niliandika barua pepe moja, ile ambayo kwa sheria ya kwetu inaitwa mizandemeri: unamtaka mdaiwa alipe kwa mara ya mwisho na kumpa tarehe. Hapa naeleza nilivyoiandaa, nilivyoiandika na nilivyoituma. Mambo ya sheria yaliyomo ni ya Kongo na ya OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja za biashara, ambao nchi yetu inaufuata tangu Septemba 2012.

Kwanza, safisha hesabu

Kazi kubwa iko hapa, kabla hujaandika hata neno moja. Mteja akiendelea kukaa kimya, njia fupi ya mahakama ni kuomba amri ya kulipa, ile mawakili wanaita enjonksyo. Jaji huitoa kwa deni lenye sifa tatu tu: liwe la hakika, liwe na kiasi kinachojulikana, na muda wake wa kulipwa uwe umefika. Ombi lenyewe linatakiwa lioneshe kiasi hicho kipande kwa kipande, pamoja na karatasi za kukithibitisha. Basi ukitaka barua yako iwe na uzito, hesabu iliyo ndani yake iwe ile ile utakayompelekea jaji. Yule mkurugenzi ana avoka, yaani wakili. Avoka wake akiisoma barua, jambo la kwanza atakalotafuta ni tundu kwenye hesabu.

Hesabu yangu ilikuwa na tundu. Kombinezoni 120 kwa dola 18 kila moja ni dola 2160. Walikuwa wamenipa avansi ya asilimia 30, dola 648, kwa hiyo kichwani mwangu nilikuwa nadai 1512 na ndivyo nilivyokuwa nawaandikia. Lakini tarehe 28 Machi walikuwa wamenirudishia sita zenye zipu mbovu. Nilizichukua, nikaziweka kwenye rafu, nikazisahau. Kudai 1512 huku nguo sita ziko kwangu kungewapa njia ya kusema deni lina ubishi, na deni lenye ubishi halipiti kwa urahisi kwenye ile njia fupi. Nikawaandikia fakture ya kupunguza dola 108, nikaituma peke yake siku chache kabla ya barua ya mwisho. Iliniuma. Hata hivyo ni afadhali kukata 108 mwenyewe kuliko kumwachia mtu sababu ya kutolipa zote.

Kisha kuna dola 400 walizonitumia kwa M-Pesa tarehe 22 Mei, bila neno. Malipo ya namna hiyo usiyadharau. Mtu hulipa sehemu ya deni analolijua, kwa hiyo ile meseji ya M-Pesa ni ushahidi kwamba deni wanalikubali. Ipige picha kwenye skrini kabla simu haijaharibika. Baada ya kukata vyote, deni langu halisi lilikuwa dola 1004.

Pili, kusanya karatasi

Unahitaji nne: boni ya komande au ujumbe ambao mteja aliagiza, boni ya kupokea mali yenye sahihi na kashe ya mhuri, fakture, na nakala za ukumbusho uliotuma. Kama ulipeleka mali mara mbili, boni ni mbili. Mimi nilipeleka 80 tarehe 3 Machi na 40 tarehe 17, na mtaona mbele kwamba ile boni ya pili ndiyo iliyokuwa ugonjwa wenyewe.

Boni isiyo na sahihi ni shida, lakini si mwisho. Tafuta ujumbe wowote ambao mtu wao anakiri kupokea, hata wa WhatsApp. Kodi ya Numeriki ya nchi yetu, ya tarehe 13 Machi 2023, inakubali maandishi ya elektroniki kuwa ushahidi, mradi ijulikane nani kayaandika na yawe yametunzwa bila kubadilishwa. Malalamiko nayo ni kukiri. Aliyeandika “zipu sita mbovu” amekiri kwamba nguo alizipokea, na zile nyingine 114 hakuzilalamikia.

Tatu, chagua tarehe na uiandike kama tarehe

Usiandike “ndani ya siku nane”. Siku nane tangu lini? Tangu ulipotuma, au tangu alipofungua? Andika siku, tarehe na saa. Mimi nilituma Jumatatu tarehe 16 Juni nikaweka mwisho Ijumaa tarehe 27 Juni, saa tisa alasiri, wakati banki bado ziko wazi. Siku kumi na moja zinamtosha mwenye nia ya kulipa. Siku mbili zingeonekana kama hasira, mwezi mzima ungekuwa mkopo mwingine. Angalia pia kalenda: ningeweka tarehe 30 Juni ningewaangukia kwenye sikukuu ya Uhuru, na mteja angekuwa na sababu ya bure.

Nne, andika

Kampuni nyingi za hapa huandikiwa Kifaransa, na mahakamani kazi ni kwa Kifaransa pia, kwa hiyo yangu niliituma kwa lugha hiyo. Hapa naiweka kwa Kiswahili ili kila sentensi ieleweke, kisha mwenye kutafsiri atafsiri. Maneno ya kwenye mstari wa mada tu yaacheni kama yalivyo, kwa sababu ndiyo yanayomwambia msomaji kwamba hii si ukumbusho wa nne.

```
Objet : MISE EN DEMEURE DE PAYER - Facture 027/2025 - 1004 USD
```

> Bwana Mkurugenzi,
>
> Kwa boni yenu ya komande ya tarehe 10 Februari 2025 mlituagiza kombinezoni 120 kwa dola 18 kila moja. Tulizileta mara mbili: 80 tarehe 3 Machi na 40 tarehe 17 Machi. Mtunza stoo wenu aliweka sahihi na kashe kwenye boni zote mbili. Fakture yetu namba 027/2025 ya tarehe 19 Machi ilitakiwa kulipwa katika siku 30, yaani kufikia tarehe 18 Aprili.
>
> Hesabu iko hivi, kwa dola za Marekani:
>
> Kombinezoni 120 kwa 18: 2160
> Kupunguza nguo 6 mlizorudisha tarehe 28 Machi: 108
> Kupunguza avansi ya tarehe 12 Februari: 648
> Kupunguza malipo ya M-Pesa ya tarehe 22 Mei: 400
> Deni lililobaki: 1004
>
> Tuliwakumbusha kwa barua pepe tarehe 24 Aprili, 12 Mei na 2 Juni. Hatukupata jibu la maandishi.
>
> Kwa barua hii tunawataka mlipe dola 1004, zifike si baada ya Ijumaa tarehe 27 Juni 2025, saa tisa alasiri, kwenye akaunti iliyoandikwa kwenye fakture. Barua hii ni mizandemeri.
>
> Kama kuna mstari wa hesabu hii msioukubali, mtuandikie kabla ya tarehe hiyo, mkiutaja na kueleza sababu. Mistari isiyo na ubishi ilipwe.
>
> Tarehe hiyo ikipita bila malipo wala jibu, tutapeleka ombi la amri ya kulipa kwenye Mahakama ya Biashara ya Lubumbashi, na tutaomba pia riba ya kuchelewa na gharama za kesi. Hadi deni liishe, hatutapokea komande mpya.
>
> Tungependa jambo hili liishe kati yetu. Kontable wenu anaweza kunipigia siku yoyote ya kazi kwa namba iliyo hapa chini.
>
> Kwa heshima.

Chini yake jina, kazi yako, namba ya RCCM ya rejista ya biashara, Id. Nat. ya utambulisho wa kitaifa, namba ya impo yaani ya kodi, simu.

Barua hii haina neno “tafadhali” hata moja, wala haina tusi. Haisemi “mmenidanganya”, haisemi “watoto wangu wanalala njaa”. Nilikuwa nimeyaandika yote mawili kwenye rasimu ya kwanza, usiku, na mume wangu aliyasoma akacheka: “Sasa unamwandikia direktere ao unamwandikia mama yako?” Nikayafuta. Jaji hana la kufanya na machozi yangu, na mkurugenzi akiyaona anajua kwamba nitavumilia tena.

Sentensi ya “mstari msioukubali” wengi huiogopa, wanaona ni kumfungulia mteja mlango. Ni kweli, mlango unafunguka, ila wa kuingilia ni mmoja tu na una tarehe. Aliyepewa nafasi ya kupinga akakaa kimya, halafu akaleta ubishi mpya mbele ya jaji, ana kazi ya kueleza alikuwa wapi. Na kama kweli kuna kosa, ni vizuri ulijue sasa, kabla hujalipa pesa za mahakama.

Kuhusu riba: kama mkataba wenu au boni ya komande haikutaja asilimia, usijitungie. Nimeona barua zenye “asilimia 10 kila mwezi” zilizotoka hewani. Iombe kwa jumla, jaji ndiye atakayeipanga. Vivyo hivyo gharama za avoka ambaye bado hujamwona.

Tano, matokeo unayoweza kuyataja na yale usiyoweza

Taja lile tu ambalo una haki ya kulifanya na ambalo kweli utalifanya asubuhi ya tarehe 28. Kwenda mahakamani ni haki yako. Kukataa komande mpya ni haki yako. Mambo yanayoharibu barua ni mengine, na hapa kwetu yanajulikana.

La kwanza ni “nitakupeleka kwa OPJ”, yule ofisa wa polisi wa upelelezi, au “nitakufungisha”. Watu hulifanya, na wakati mwingine mdaiwa hushikwa siku moja au mbili. Lakini deni la fakture ni jambo la kiraia. Kongo imejifunga tangu 1976 kwenye Mapatano ya Kimataifa ya Haki za Kiraia na za Kisiasa, na kifungu chake cha 11 kinakataza kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mkataba. Ukiandika tishio hilo kwa mkono wako, umempa avoka wake karatasi ya kukushitaki nayo.

La pili ni kumwaibisha: kuweka jina lake kwenye makundi ya WhatsApp, kumpigia mteja wake mkubwa wa migodini. Kifungu cha 74 cha Kodi Penali kinaadhibu anayemtupia mtu hadharani, kwa nia mbaya, jambo la kuchafua heshima yake. Usijitetee mapema kwamba deni ni la kweli. Unaweza kuwa na deni la kweli na bado ukajikuta unajibu kesi. La tatu ni “nitakusemea kwa watu wa impo”. Kama ana makosa ya kodi, hayo ni mambo mengine. Kuyauza kwa bei ya kunyamaza kunanuka vibaya mbele ya jaji yeyote. Na la nne, wala usitume vijana kwenda kuchukua nguo kwenye stoo yao. Kukamata mali ni kazi ya huisie, ofisa wa kutekeleza hati za mahakama, tena awe na hati mkononi.

Sita, tuma kwa njia mbili

Tuma barua pepe kwa anwani ambayo waliwahi kukujibu nayo, si ile ya kwenye tovuti ambayo hakuna anayeifungua. Kwenye `Cc` weka kontable. Mtu aliyekuagiza kazi si lazima awe ndiye anayelipa, na mara nyingi fakture imekwama mezani kwa mtu ambaye hujawahi kumwona. Ambatanisha zile karatasi zote kwenye PDF moja, kwa mpangilio wa tarehe. Ukishatuma, chapisha barua yenyewe ikionesha anwani, siku na saa.

Kisha ichapishe mara mbili uipeleke kwa mkono. Sheria ya mikataba ya kwetu inataka mdaiwa awekwe rasmi katika hali ya kuchelewa kwa tangazo la kudai au hati nyingine inayolingana nalo. Barua pepe inaweza kutosha, lakini mtu anaweza kusema haikumfikia. Nakala yenye kashe ya kupokea na tarehe haina mjadala. Yule sekretere wa “mukuye kesho” alinigongea kashe bila kusoma. Angekataa, ningeenda kwa huisie aipeleke yeye. Hapo unalipa, lakini hati yake inasimama yenyewe.

Saba, majibu yatakayokuja

Mteja akiomba kulipa kidogo kidogo, kubali ukipenda, lakini kwa maandishi: akiri deni lote kwa tarakimu, ataje kila tarehe na kiasi, aseme kwamba tarehe moja ikivunjwa salio lote linadaiwa mara moja. Ahadi ya simu iandike mwenyewe dakika hiyo hiyo kwenye barua pepe: “Kama tulivyoongea sasa hivi, mtalipa…” Akijibu “sawa”, una karatasi. Akitaka kulipa kwa franka, kubalianeni kwanza ni kwa kiwango cha siku gani.

Akinyamaza, usiandike barua ya mwisho ya pili. Andaa ombi la `injonction de payer`, ulipeleke kwenye grefe, ofisi ya karani wa mahakama. Mahakama inayohusika ni ya mahali mdaiwa alipo, kwa hiyo angalia kwenye fakture au RCCM yake kama makao yake makuu ni hapa kweli. Yakiwa Kinshasa na mkataba hausemi lolote, safari inabadilika. Muulize pia avoka au mtu wa grefe kuhusu muda wa sasa wa kila hatua, kwa sababu sheria ya OHADA ya kukusanya madeni ilirekebishwa Kinshasa tarehe 17 Oktoba 2023, na vitabu vingi vinavyouzwa mitaani ni vya zamani.

Jambo moja linawakuta wengi: barua zako hazisimamishi saa. Kwa mauzo kati ya wafanyabiashara, OHADA inakupa miaka miwili ya kudai mahakamani. Ukituma ukumbusho hamsini kwa miaka miwili na mwezi mmoja, unaweza kukuta haki yako imezeeka. Saa inaanza upya mdaiwa mwenyewe akikiri deni, na ndiyo sababu zile dola 400 za M-Pesa zilikuwa na thamani kuliko dola 400.

Kwangu simu ilipigwa Jumatano tarehe 25 Juni. Alikuwa kontable, mama mmoja mpole, na kwa mara ya kwanza tulizungumza. Kumbe yeye alikuwa na boni moja tu, ile ya kombinezoni 80. Boni ya zile 40 ilikuwa imebaki kwenye droo ya mtunza stoo tangu Machi, kwa hiyo fakture ya 120 haikulingana na karatasi zake, na yeye hailipi fakture isiyolingana. Hakuna aliyeniambia. Niliposema boni zote mbili ziko kwenye ile PDF, nilisikia anabofya, kisha akasema: “Aa, naiona. Mama, mungeileta hii tangu mwanzo.”

Walilipa dola 600 Ijumaa ile kabla ya saa tisa, na 404 zilizobaki tukaandikiana barua ya makubaliano kwamba zitalipwa tarehe 11 Julai. Zilifika tarehe 14, nikiwa tayari nimechapisha ombi la mahakama. Nikawaandikia risiti kwamba fakture 027/2025 imekwisha. Zile kombinezoni sita nimezitia zipu mpya, ziko kwenye rafu, saizi ni kubwa zote. Mwenye mwili wake apite Kenya azijaribu.